Kukosa, Kukosea na Kukosesha: Sarufi ya Barua ya Kuomba Radhi baina ya Ndugu

Wataalamu wa vitendo vya usemi, tangu mihadhara ya J. L. Austin ilipochapishwa mwaka 1962, wamekubaliana kwamba kuomba radhi ni miongoni mwa matendo yanayotendwa kwa kusemwa. Lakini kila lugha ina vifaa vyake vya kulitenda tendo hilo, na vilevile ina vifaa vyake vya kulikwepa huku msemaji akionekana kana kwamba amelitenda. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika Kiswahili sehemu kubwa ya vifaa hivyo haimo katika maneno mazito ya toba, bali imo katika mnyambuliko wa kitenzi na katika viambishi vya nafsi na njeo. Mfano uliochaguliwa ni barua ya kaka aliyemvunjia ahadi mdogo wake wa kike.

Barua imechaguliwa badala ya mazungumzo kwa sababu moja. Anayeomba radhi ana kwa ana husaidiwa na uso wake, na sauti yake, na pengine na mzee aliyeketi kati yao. Tena aliyekosewa aweza kumkatiza na kumwuliza, ``Nani aliyezitumia?'' Barua haikatizwi. Yaliyomo ndiyo yayo hayo, na msomaji atayarudia mara tatu au nne, akiyapima neno kwa neno. Kwa hiyo kila kificho cha kisarufi ambacho katika mazungumzo kingepita bila kutambuliwa, katika barua hubaki kimeandikwa.

Hali ya ndugu nayo ina uzito wake. Kiswahili cha zamani kilikuwa na neno *umbu*, yaani ndugu wa jinsia nyingine: dada kwa mwanamume, na kaka kwa mwanamke. Neno hilo limebaki zaidi katika kamusi na mashairi, na mahali pake pameshikwa na *kaka*, *dada* na *mdogo wangu*. Badiliko hili si dogo, maana *umbu* halikusema nani mkubwa, ilhali *kaka* na *mdogo wangu* yanasema, au kwa uchache yanadokeza. Kaka anayemwandikia mdogo wake kuomba radhi anashuka ngazi ambayo msamiati wenyewe wa udugu umempandisha, na mara nyingi barua huonyesha jinsi anavyoogopa kushuka.

Barua ya kwanza

Barua mbili zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya uchambuzi huu, ila vifungu vyake vyote ni vya aina inayojulikana na kila mtu aliyepata kusoma barua za nyumbani. Kisa chenyewe ni hiki. Kaka anafanya kazi Mombasa. Mdogo wake, aliye nyumbani Taita, amepata nafasi katika chuo cha ualimu. Mwezi wa Januari kaka aliahidi kulipa karo ya muhula wa kwanza, shilingi 30,000, kabla ya tarehe 4 Mei. Mjomba wao alijitolea kulipa nusu. Msichana akamshukuru na kumkatalia, kwa kuwa kaka ameahidi. Mwezi wa Aprili kaka alizitoa fedha hizo akanunua pikipiki. Tarehe ikapita, na nafasi ile akapewa mwingine. Mwezi wa Juni kaka aliandika hivi:

*Mpendwa mdogo wangu,*

*Salamu nyingi sana. Natumai u mzima wa afya. Sisi huku hatujambo ila shida za mji tu. Madhumuni ya barua hii ni kuhusu ile ahadi ya karo. Kwa bahati mbaya ahadi ile haikutimia. Mambo yalinizidi, ikabidi fedha zitumike kwa shughuli nyingine, na mpaka siku ya mwisho inafika haikuwezekana kupata nyingine. Lakini sijatimiza tu, sikuisahau. Kama kuna neno lililokuudhi, samahani sana, na pole kwa yote yaliyokupata. Tusikosane kwa jambo hili, kwani sisi ni ndugu wa toka nitoke, na wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.*

*Ni mimi kaka yako.*

Barua hii ina adabu. Ina *samahani*, ina *pole*, ina methali. Mtu aliyeisoma upesi angeweza kusema kwamba kaka ameomba radhi. Hata hivyo, msomaji akitafuta sentensi moja ambamo kaka ni mtenda wa kosa na mdogo wake ni mtendewa, hataipata.

Vitenzi vinavyosimulia kosa ni vinne: *haikutimia*, *yalinizidi*, *zitumike* na *haikuwezekana*. Katika *haikutimia* mtenda ni ahadi yenyewe. Kiswahili kina jozi ya *timia* na *timiza*. Ahadi hutimia, mtu huitimiza, na mwandishi amechagua upande usiohitaji mtu. *Zitumike* ni kauli ya kutendeka, ile ambayo E. O. Ashton katika sarufi yake ya mwaka 1944 aliieleza kuwa inaonyesha hali ambamo kitu kimo bila kumtaja aliyekiingiza. Kikombe kimevunjika, nani amekivunja si jambo linaloulizwa. Hapa ndipo kauli ya kutendeka inapotofautiana na ya kutendwa. Fedha *zilitumiwa* inaacha nafasi ya *na nani*, na msomaji huisikia nafasi hiyo ikiwa tupu. Fedha *zilitumika* haina hata nafasi. Kwa sababu hiyo kauli ya kutendeka ni maficho bora kuliko kauli ya kutendwa, na wale wanaofundisha kwamba kukwepa lawama ni kazi ya kauli ya kutendwa wamechukua kanuni ya lugha nyingine na kuivika Kiswahili.

*Haikuwezekana* inaendelea mbele zaidi. Kiambishi *-ekan-* huleta maana ya uwezekano, na kukanusha uwezekano ni kusema kwamba mlango ulikuwa umefungwa kwa kila mtu, si kwa kaka peke yake. Nayo *ikabidi* haina mtenda wa kweli: kiambishi *i-* hakirejelei nomino yoyote. Ni ulazima uliojitokeza wenyewe.

Kitenzi kilichobaki, *yalinizidi*, ndicho cha kuangaliwa zaidi. Nafsi ya kwanza imetokea hapo, lakini imetokea baada ya kiambishi cha njeo, si kabla. Katika *ya-li-ni-zidi* mambo ndiyo yanayotenda, na kaka ndiye anayetendwa. Aliyekosa amekaa mahali pa aliyekosewa. Jamaa za kitenzi hiki ni nyingi: *shida zilinikaba*, *hali ilinilazimisha*, *mji ulinishinda*. Zote humweka msemaji katika kiti cha mtendwa, na msomaji mwenye huruma hujikuta akimpa pole mtu aliyepaswa kumwomba yeye radhi. Mwalimu anayetaka kipimo cha haraka na apige mstari chini ya kila *ni* katika barua ya namna hii, kisha atazame zipi ziko mbele ya njeo na zipi ziko nyuma yake.

Njeo yenyewe haikusalimika. *Sijatimiza* si sawa na *sikutimiza*. Kiambishi *-ja-* husema kwamba jambo halijawa hadi sasa na kwamba bado lingaliko njiani. *Sijala* husemwa na mtu anayetazamia kula. Tarehe 4 Mei imekwisha kupita na nafasi ameshapewa mwingine. Ahadi hiyo haiwezi tena kutimizwa. Kuandika *sijatimiza* mwezi wa Juni ni kuufungua upya muda uliofungwa, na kumfanya anayelalamika aonekane kuwa hana subira.

Pole, samahani na radhi

Msamiati wa radhi unahitaji maelezo mafupi, maana barua ya kwanza imeyachanganya maneno ambayo hayafanyi kazi moja.

*Pole* humwendea anayeumia, awe ameumizwa na nani. Husemwa kwa mgonjwa, kwa mfiwa, kwa msafiri aliyechoka. Asemaye *pole* husimama kando ya mwenye maumivu na kuyatazama pamoja naye. Ni kweli kwamba huko bara, hasa mijini, imekuwa kawaida kusikia mtu aliyemkanyaga mwenzake akisema *pole*, pengine kwa sababu Kiingereza kina neno moja tu linalobeba huruma na toba pamoja. Matumizi hayo hayana haja ya kupigwa vita yanapokuwa juu ya kukanyagana. Katika barua ya kosa kubwa, hata hivyo, *pole kwa yote yaliyokupata* humtoa mwandishi katika kisa na kumweka miongoni mwa majirani waliokuja kuhani. Tena *yaliyokupata* yenyewe ni mambo yaliyotoka kusikojulikana.

*Samahani* asili yake ni Kiarabu, nayo ilikuwa kitenzi kamili cha amri chenye kiambishi cha mtendwa, maana yake ``nisamehe''. Katika Kiswahili imeganda. Haipokei kiambishi cha nafsi wala cha njeo. Hakuna awezaye kuinyambua. Ndiyo sababu imefaa sana kwa mambo madogo, kama kupita mbele ya watu au kuuliza njia, na ndiyo sababu ni dhaifu kwa makubwa: haimtaji aombaye wala aombwaye. Mzizi huohuo ukiwa kitenzi hai, *samehe*, hupata nafsi zake: *nisamehe*, *naomba unisamehe*.

*Niwie radhi* ni muundo tofauti kabisa. *Wia* ni kauli ya kutendea ya *kuwa*, na *radhi* ni hali ya moyo uliotulia; maana yake ni kumwomba mtu awe na moyo uliotulia kwa ajili ya aombaye. Wasemaji wa bara huliona kuwa neno la pwani, la watu wazima, na pengine la fahari kidogo. Lakini lina jambo ambalo *nisamehe* halina. *Nisamehe* huomba tendo, na tendo laweza kutakwa papo kwa papo. *Niwie radhi* huomba hali, na hali haiji kwa kuamriwa.

Lipo pia suala la *kama*. *Kama kuna neno lililokuudhi* ni kishazi cha shaka, na shaka hiyo imewekwa juu ya jambo ambalo mwandishi analijua kwa yakini. Zaidi ya hayo, *kuudhi* limechukua mahali pa *kukosea*: maudhi ni hali ya moyo wa mdogo wake, ilhali kosa ni tendo la kaka. Dada asiyeudhika, kwa mujibu wa sentensi hii, hakukosewa.

Mzizi mmoja, milango mingi

Mzizi *-kos-* waweza kuwa ramani ya mambo yote yaliyokwisha kuelezwa. Mtu aweza kukisimulia kisa kizima kwa mzizi huo peke yake, na kila mnyambuliko ukambadilishia mahali pa kusimama.

Akisema *fedha zilikosekana*, yeye hayumo. Akisema *nilikosa fedha*, yumo, lakini kama mhitaji. Kukosa huku ni kutokuwa na kitu. Akisema *tulikosana*, amegawa kosa mafungu mawili na kumpa mdogo wake moja. Kauli ya kutendana ni ya haki pale watu wawili walipotupiana maneno. Hapa mmoja aliahidi na mwingine alingoja, na kungoja si kukosana. *Tusikosane* ya barua ya kwanza ina ujanja zaidi, kwa kuwa inahamisha kosa kutoka kwenye yaliyotendwa hadi kwenye yatakayotendwa: kuanzia sasa, atakayekasirika ndiye atakayevunja udugu.

*Nilikosea*, bila mtendwa, huelekea kwenye kosa la hesabu au la njia. Mtu hukosea mlango, hukosea tarehe, hukosea jumla. Ni kweli husemwa pia kwa makosa ya tabia, lakini sarufi haimlazimishi msemaji kuonyesha kwamba kuna mtu aliyeumia. Kiambishi kimoja kikiingia, maana hugeuka: *nilikukosea*. Sasa kauli ya kutendea inafanya kazi yake halisi ya kuonyesha tendo lilimfikia nani. Kiambishi *ni-* kiko mbele, *-ku-* kinafuata njeo, na baina ya wawili hao hakuna bahati mbaya, wala mji, wala mambo.

Lakini hata *nilikukosea* haitoshi, na hapa wengi wanaoandika barua nzuri husimama mapema. Neno hilo lakiri kosa bila kusema lilifanya nini. Kauli ya kutendesha ndiyo inayomalizia: *nilikukosesha nafasi*, *nilikukosesha mwaka*. Yaani si kwamba wewe ulikosa mwaka; mimi ndimi niliyekufanya uukose. Hasara imetajwa kwa jina, na mwenye kuisababisha ameunganishwa nayo katika neno moja.

Barua ya pili

Kaka yuleyule, kisa kilekile, mwezi wa Julai:

*Mpendwa mdogo wangu,*

*Salamu. Nakuandikia kukuomba radhi.*

*Mwezi wa Januari, mbele ya mama, nilikuahidi kwamba nitakulipia karo ya muhula wa kwanza, shilingi 30,000, kabla ya tarehe 4 Mei. Sikukulipia. Fedha nilikuwa nazo. Mwezi wa Aprili nilizitoa nikanunua pikipiki, wala sikukuambia. Uliponipigia simu mara mbili nilikujibu kwamba fedha zi njiani, hali nikijua kwamba hazipo.*

*Nilikufanya umkatalie mjomba. Nilikukosesha nafasi ya chuo na mwaka wa masomo. Nilikufedhehesha mbele ya watu uliokuwa umekwisha kuwaaga. Nilikukosea, na nilikukosea nikijua.*

*Pikipiki nimeiuza. Shilingi 22,000 zilizopatikana nimezitia katika akaunti yako leo. Elfu nane zilizobaki nitazitia kabla ya tarehe 31 Agosti. Fedha hizi ni zako, uende chuo usiende. Najua kwamba hazirudishi mwaka.*

*Sikuombi unijibu upesi. Ukitaka kusema nami nitakuja, usipotaka, nitangoja. Niwie radhi.*

*Kaka yako.*

Salamu imekuwa fupi, na hilo laweza kuwashangaza waliofundishwa kwamba barua ya kirafiki huanza kwa kuulizana hali. Desturi ya salamu ndefu ni ya kale. Nyaraka za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo C. G. Büttner alizichapisha mwaka 1892, zaonyesha kwamba waandishi walikuwa na utaratibu wao thabiti wa kuamkiana, na *wa baadu* ilikuwa alama ya kwamba salamu zimekwisha na jambo lenyewe linaanza. Salamu ndefu si kosa. Ubaya wa salamu ya barua ya kwanza haukuwa urefu, bali ni ile *ila* ndogo: *hatujambo ila shida za mji tu*. Udhuru uliingia pamoja na salamu, kabla hata ahadi haijatajwa.

*Sikukulipia* inastahili kuangaliwa na wanafunzi wa mofolojia. Ina *-ku-* mbili zisizo na uhusiano: ya kwanza ni alama ya njeo iliyopita katika ukanushi, ya pili ni kiambishi cha mtendewa. Mwandishi angaliandika *sikulipa* tu, sikio lingedhani limesikia ``wewe'', lakini sarufi isingemtaja. *Sikukulipia* ni neno zito kidogo kutamkwa, nalo linarudisha kauli ileile ya kutendea iliyokuwamo katika ahadi: *nitakulipia*, *sikukulipia*. Ahadi imekanushwa kwa umbo lake lenyewe.

Baada yake yaja maneno matatu, *fedha nilikuwa nazo*, ambayo yanaufunga mlango wa udhuru mkubwa kuliko wote. Mdogo wake hakujua jambo hilo. Kaka angaliweza kunyamaza, na hakuna kauli wala njeo ambayo ingemlaumu.

Je, kuitaja pikipiki si kutoa sababu, na sababu si udhuru? Kiswahili kinatofautisha. *Sababu* ni kilicholeta jambo. *Udhuru* ni sababu inayokubalika kumwondolea mtu lawama, na mtu aweza kuwa nao kwa haki: mgonjwa ana udhuru wa kutohudhuria. *Kisingizio* kimetokana na *singizia*, kumtwika mwingine kosa asilolitenda, na neno linaibeba asili hiyo hata pale anayetwikwa si mtu bali ni hali ya mji. Pikipiki katika barua ya pili ni sababu tu. Inaongeza lawama badala ya kuipunguza, na dada ana haki ya kujua fedha zilikwenda wapi. Laiti kaka angaliongeza kwamba aliinunua ili apate faida ya kumlipia karo za mihula yote, sababu ingekuwa njiani kuelekea kwenye udhuru, hata kama ni kweli tupu.

*Nilikufanya umkatalie mjomba* ndicho kifungu kigumu kuliko vyote kukiandika. Kwa ukweli wa mambo ni dada aliyemkatalia mjomba, kwa hiari yake na kwa kinywa chake. *Ulimkatalia mjomba* ingekuwa sentensi sahihi, na yenye sumu. Kaka ametambua kwamba neno lake lilimwondolea mdogo wake njia nyingine, na kwamba madhara ya ahadi hayakuanza siku ilipovunjwa bali siku ilipoaminiwa. Hapa methali *ahadi ni deni*, ambayo kila mwandishi wa barua za namna hii huikimbilia, inaonyesha upungufu wake. Deni hulipika. Mdaiwa akichelewa mwezi, akalipa mwezi unaofuata, hesabu hufutika. Ahadi ya karo yenye tarehe haifutiki hivyo, na anayeifikiria kama deni atadhani kwamba shilingi 30,000 zikirudi, mambo yamekwisha. *Najua kwamba hazirudishi mwaka* inaitenga fedha na hasara, jambo ambalo methali imeyachanganya.

Kuhusu methali nyingine, ile ya ndwele: neno lake ni zuri, ila lina mwenyewe. Aliyekosewa akisema *yaliyopita si ndwele*, ametoa. Mkosaji akilisema kwanza, amejitolea mwenyewe kilichokuwa mkononi mwa mwenziwe, na kumwachia mwenziwe kazi ya kukubali tu.

Barua ya pili haikosi kauli ya kutendeka. *Zilizopatikana* ni ya jamii moja na *haikuwezekana*, nayo haina ubaya wowote, maana hakuna anayemtafuta mwenye lawama katika kupatikana kwa bei ya pikipiki. Hii yatosha kuonyesha kwamba kuhesabu viambishi bila kutazama vinaeleza nini hakufai. Kama fedha zingepotea benki kwa hitilafu isiyokuwa ya kaka, *zilipotea* ingekuwa kweli, na kuandika *nilizipoteza* ingekuwa toba ya uongo. Sarufi haiwezi kumfanya mtu awe mkweli. Inaweza tu kuonyesha wapi amesimama. Hata *nilikukosea nikijua* yaweza kuandikwa na mtu asiyejuta.

Palipo na udhaifu katika barua hii ni *nitazitia*. Mtu ambaye *-ta-* yake imevunjika mara moja anatoa nyingine. Sehemu kubwa ya malipo ameiandika kwa *-me-*: *nimeiuza*, *nimezitia*, yaani mambo yaliyokwisha kuwa kabla kalamu haijashikwa, na ambayo dada aweza kuyahakikisha siku hiyohiyo. Elfu nane zimebaki katika wakati ujao. Tarehe imetajwa, na hilo ni afadhali, lakini pengine ingekuwa bora barua ingojee mwisho wa Agosti, isipokuwa kwamba kila wiki ya kungoja nayo ilikuwa wiki nyingine ya kunyamaza.

Mwisho wa barua, *Kaka yako* imesimama peke yake. Barua ya kwanza ilikuwa na *Ni mimi kaka yako*, na wako waandishi ambao hupeleka jambo hilo katikati ya barua: *kaka yako alikosea*. Erving Goffman, katika kitabu chake cha mwaka 1971, alieleza kwamba aombaye radhi hujigawa sehemu mbili, moja iliyokosa na moja inayoilaumu ile iliyokosa. *Kaka yako alikosea* hufanya mgawanyo huo hadharani kwa nafsi ya tatu, na hatari yake ni kwamba mwandishi huondoka na nusu iliyo safi na kumwachia mdogo wake ile nyingine. Kiambishi *ni-* hakigawanyiki. Cheo cha ukubwa kimetumika mara moja tu, kama anwani ya mtu wa kutafutwa, mahali ambapo dada atamwona akitaka.

Kifungu *uende chuo usiende* kimeiondoa fedha katika masharti, na *usipotaka, nitangoja* kimeuondoa msamaha katika haraka. Sentensi hizo mbili zinamwachia dada maamuzi yote yaliyobaki: kusoma au kutosoma, kujibu au kunyamaza, kuwa radhi au kutokuwa.